Kubadilisha mandhari, msimu na nguo kwa maelekezo ya maandishi huku sura ikibaki ileile: mwongozo kamili

Kijana mmoja alikuja studio kwangu, Mtwara mjini, na picha ya bibi yake aliyoipiga kwa simu huko Newala. Bibi kaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu wa nyumba, mikono mapajani, amevaa fulana ya kampeni iliyopauka na kanga kiunoni. Nyuma yake kuna ndoo mbili, jembe na ukuta uliobanduka lipu. Familia ilitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni: bibi akae chini ya mkorosho wakati wa mvua, shamba likiwa kijani, na avae gauni la kitenge.

Nilifanya haraka. Niliipakia kwenye programu ya kuhariri picha, nikaandika sentensi moja, na baada ya nusu dakika nilikuwa na picha nzuri sana. Nikamwonyesha. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Dada, huyu siye bibi."

Alikuwa sahihi. Bibi yake ni Mmakonde wa zamani, ana nembo usoni, zile chale za mistari iliyovunjika kama meno ya msumeno, paji la uso na mashavu yote mawili. Kwenye picha yangu mistari ile ilikuwa imegeuka mikunjo ya kawaida ya uzee. Shavu la kushoto lilikuwa laini kabisa. Na rangi ya ngozi ilikuwa imepanda weupe kidogo. Macho yalikuwa yake, pua yake, lakini alama zilizomfanya awe yeye zilikuwa zimefutwa, na mimi niliyeshughulika na picha hiyo sikuziona zikipotea.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kufanya kazi hii. Ninayoeleza hapa ni njia ninayotumia sasa, kwa picha hiyohiyo ya bibi, hatua kwa hatua.

Kwa nini sura hubadilika hata usipoiomba

Watu wengi hudhani programu hizi hufanya kama fundi anayekata mtu kwa mkasi na kumbandika kwenye karatasi nyingine. Sivyo. Gemini, ChatGPT na wenzao wanaopokea picha pamoja na amri huichora picha yote upya, kuanzia pembe hadi pembe, wakiitazama ile ya mwanzo. Ukiomba nyuma ibadilike, na uso nao unachorwa upya. Unafanana kwa sababu mchoraji ana mfano mbele yake, lakini hakuna hata nukta moja ya uso wa zamani iliyobebwa kama ilivyo.

Njia ya kutoa amri, yaani kusema "badilisha hiki" badala ya kuieleza picha nzima, ilijulikana sana kuanzia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya mwaka 2022, iliyoitwa InstructPix2Pix. Tangu hapo programu zimekuwa bora mno katika kuhifadhi sura. Tatizo la vitu vidogo limebaki, na lina sababu.

Programu nyingi za aina hii hazifanyi kazi kwenye pikseli zenyewe. Kwanza huibana picha: kila kigae cha pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa namba chache, kazi yote hufanyika kwenye namba hizo, kisha picha hufumuliwa tena. Sasa piga hesabu ya bibi. Picha iliyonirudia ilikuwa na upana wa pikseli 860 hivi. Uso wake ulichukua sehemu moja ya nane ya upana, yaani pikseli kama 108. Gawanya kwa 8, unapata vigae 13 kutoka sikio hadi sikio. Ndani ya vigae 13 mashine inatakiwa ikumbuke macho, pua, mdomo, mikunjo na mistari ya nembo yenye unene wa pikseli mbili tatu. Haiwezi. Inapofumua, hujaza pengo kwa kile inachokijua zaidi kuhusu nyuso za vikongwe, na nyuso nyingi ilizojifunzia hazina nembo.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni yangu: uso ninauchukua kwenye picha ya mwanzo, siku zote. Programu inichoree mandhari na nguo. Na vyote vinavyochorwa vitafuata uso, si uso kuvifuata vyenyewe.

Kuandaa picha

Omba faili lenyewe. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na kupunguzwa, na nembo zimeshaanza kufifia kabla hujagusa kitu. Mwambie mteja aitume kama hati, si kama picha, au alete simu uinakili kwa waya. Ya bibi ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000 kwenye simu. Ile ya WhatsApp niliyoitumia mara ya kwanza ilikuwa chini ya nusu ya hapo.

Nakili faili mara mbili, moja usiiguse tena. Kwenye ile nyingine, kata pembeni. Kulikuwa na ukuta mwingi na ardhi tupu mbele ya miguu, nikaviondoa mpaka bibi akajaza fremu kutoka kichwani hadi magotini. Uso sasa ulichukua kama robo ya upana. Hapa umeipa mashine vigae 27 badala ya 13, bila kulipa chochote. Hata kama uso utaurudisha kutoka kwenye picha ya mwanzo, uso uliochorwa vizuri unasaidia, kwa sababu vitu viwili vinavyokaribiana ni rahisi kuvipanga kimoja juu ya kingine.

Kisha itazame picha na ujibu swali moja kabla ya kuandika neno lolote: mwanga umetoka wapi, na ni wa aina gani? Bibi alikuwa chini ya upenu. Hakuna kivuli kikali chini ya pua, hakuna upande mmoja unaong'aa. Mwanga ni mpole, umetoka mbele na kidogo kulia kwake. Huo ndio mwanga wa siku ya mawingu. Kwa bahati njema familia ilitaka masika, na masika ni mawingu. Kama angekuwa amepigwa picha saa sita mchana uwanjani, jua likimkatia kivuli cha nyusi machoni, ningewaambia mapema kwamba picha hiyo haifai mandhari ya mvua, wachague kiangazi. Usipolipima hili mwanzoni, utamaliza kila kitu vizuri na bado mtu atatazama picha na kusema imebandikwa, asijue kwa nini.

Mandhari na msimu pamoja

Mandhari na msimu navifanya kwa amri moja, maana vyote viwili ni suala la mwanga na rangi ya mahali. Nguo huja baadaye, peke yake.

Usiandike jina la msimu ukadhani umemaliza. Nilipoandika "msimu wa mvua" niliipata mvua yenyewe: matone hewani, fulana imelowa, ngozi ya bibi inang'aa maji. Nilipoandika "vuli" kwa kazi nyingine, nililetewa miti ya majani mekundu na manjano ya Ulaya, kwa sababu kwenye tafsiri nyingi neno hilo limepewa kazi ya majira ya kule ya majani kupukutika. Na huku kwetu kusini vuli hata haipo kivyake. Mvua yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Kwa hiyo eleza kinachoonekana kwa macho: ardhi ina rangi gani, nyasi zina urefu gani, anga likoje.

Mkorosho nao ni hivyohivyo. Ukiandika jina tu, mara nyingi unapewa mti mrefu wowote wa kitropiki, na mara moja nilipewa mwembe wenye matunda yanayofanana na mabibo yakining'inia kama taa. Mkorosho haupukutishi majani yote kiangazi, una matawi mapana yanayoinama karibu na ardhi, na majani yake ni manene yenye ncha ya mviringo. Maua na mabibo si ya masika. Korosho huku huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Ukiweka mabibo mekundu kwenye shamba la Februari, mtu wa Newala ataona kosa kabla hajamwona bibi.

Maelekezo yaliyonipa matokeo niliyoyataka yalikuwa haya:

```
Badilisha sehemu iliyo nyuma ya mwanamke tu.
Ondoa ukuta, ndoo na jembe. Weka shamba la
mikorosho baada ya mvua: miti mifupi yenye matawi
mapana yanayokaribia ardhi, majani mazito ya kijani
yenye ncha ya mviringo, bila maua na bila matunda.
Ardhi ni mchanga mwekundu ulioloa, nyasi fupi za
kijani. Anga la mawingu, mwanga mpole kutoka mbele
kulia, hakuna jua kali.
Mwanamke abaki palepale, ukubwa uleule, mkao uleule.
Uso, alama zote za usoni, rangi ya ngozi, nywele,
mikono na kiti visibadilike. Mvua isimguse.
Fremu ibaki ileile, usikate wala usisogeze.
```

Angalia mpangilio. Kwanza nimetaja kinachobadilika, kisha nimekieleza, kisha mwanga, kisha kinachobaki kwa majina yake. Kusema tu "mwanamke asibadilike" hakutoshi. Ukitaja alama za usoni zinapewa uzito. Hazitabaki sawasawa, lakini umbo la uso litatulia zaidi. Mstari wa mwisho ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu programu hupenda kusogeza fremu kidogo, na kila msogeo utakusumbua wakati wa kupanga.

Kiswahili kinaeleweka na programu hizi. Pale neno linapokuwa la kwetu sana, kama ushungi, ukili au upenu, elezea umbo lake badala ya kulitegemea jina.

Toa picha tatu au nne kwa amri hiyohiyo, ukianza kila mara na picha ya mwanzo. Hapa wengi ndipo wanapoharibu: wanapata picha ya kwanza, hawapendi mti mmoja, wanaandika "sogeza mti", kisha "punguza nyasi", kisha "ongeza mawingu". Kila amri inachora upya kilichochorwa upya. Kufikia ya nne au ya tano uso umeshahama, ngozi imekuwa kama nta na rangi zimezidi kukolea. Kama kuna kasoro, rekebisha maandishi na urudi kwenye picha ya mwanzo.

Mwenye Photoshop anaweza kutumia Generative Fill: unachagua eneo kwa kulizungushia, na programu hujaza ndani ya eneo hilo tu, kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake juu ya picha, huku uso ulio nje ukibaki kama ulivyo. Ni njia salama zaidi kwa mandhari, na ukiwa nayo itumie. Lakini usidhani kila programu inayokuruhusu kuchora eneo inalifuata kwa namna hiyo. Katika uhariri wa picha wa kampuni ya OpenAI, kwa mfano, eneo ulilolichora ni mwongozo tu kwa mashine, inaweza kuvuka mpaka. Kwa hiyo ukaguzi unaofuata ufanye vyovyote vile.

Kurudisha uso

Kazi hii mimi huifanya Photopea, ambayo hufunguka kwenye kivinjari cha kompyuta bila kulipa. Simu inawezekana, ila vidole ni vinene kwa mistari ya nembo.

Fungua picha ya mwanzo, ile iliyokatwa lakini yenye ukubwa wake kamili. Ingiza juu yake picha ya mandhari mapya kama leya ya pili. Itaonekana ndogo, kwa kuwa ya mwanzo baada ya kukatwa ina upana wa pikseli 1500 hivi na hii ina 860. Ikuze hii karibu mara moja na robo tatu. Usiipunguze ya mwanzo. Hii ina faida utakayoiona kwenye chapa. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji upana wa pikseli 2480, na picha ya pikseli 860 pekee ingetoka na ukungu kote. Ukifanya hivi, ukungu unabaki kwenye mikorosho, ambako jicho linautegemea, na uso unabaki na ukali wake wa simu.

Sasa zipange. Kwenye leya ya juu chagua hali ya `Difference`. Hali hii hutoa leya moja kwenye nyingine: panapolingana panakuwa peusi, panapotofautiana panang'aa. Kwa `Edit > Free Transform` isogeze na kuivuta mpaka mistari ya mabega na kiti ififie kadiri inavyowezekana. Mara nyingi utalazimika kuvuta urefu peke yake kidogo, kwa sababu uwiano wa picha iliyorudi hauko sawa kabisa na wa kwako.

Baada ya kupanga, kaa kidogo utazame uso ukiwa kwenye hali hiyohiyo ya weusi. Hapa ndipo utakapoona mashine imefanya nini. Kwa bibi, kiti kilikuwa karibu cheusi, mikono myeusi na ukingo mwembamba wa mwanga, lakini mashavuni nembo zote ziling'aa, mstari kwa mstari, kama zimechorwa kwa chaki ubaoni. Maana yake kila mstari uliokuwa kwenye picha ya mwanzo haukuwepo kwenye mpya. Na uso mzima ulikuwa na kijivu hafifu kilichosambaa sawasawa: hiyo ndiyo ngozi iliyopandishwa weupe. Kwa macho ya kawaida sikuiona nilipoifanya mara ya kwanza. Huku ilionekana papo hapo.

Rudisha hali ya leya kuwa `Normal`. Peleka leya ya mwanzo juu, iongezee maski, kisha igeuze maski kuwa nyeusi kwa `Ctrl+I`, ili picha ya mwanzo ifichike yote. Chukua brashi nyeupe yenye ukingo laini, paka juu ya uso. Uso wa kweli unarudi unapopaka. Paka na shingo, masikio, mikono, vidole.

Mpaka wa maski upitishe mahali ambapo tayari kuna mstari wa asili: chini ya taya, ukingo wa nguo, mwanzo wa nywele. Usiupitishe katikati ya shavu au paji. Kwa nywele za mvi za bibi, nilichukua paji hadi mwanzo wa nywele kutoka kwenye picha ya mwanzo, lakini nywele za ukingoni kabisa niliziacha zile zilizochorwa. Ukizirudisha za kweli zinakuja na vipande vya ukuta wa zamani katikati yake, na hakuna brashi itakayokutolea ukuta kati ya unywele na unywele bila kazi ya siku nzima.

Sasa kwenye shingo au kwenye mkono unaweza kuona mshono: upande mmoja ngozi ya kweli, upande wa pili ile iliyochorwa, nyeupe kidogo. Kishawishi ni kuung'arisha uso ulingane. Usifanye hivyo. Nenda kwenye leya iliyochorwa, tumia `Curves`, ushushe mwanga wake mpaka ilingane na ngozi ya bibi. Shamba litakuwa na giza kidogo, na siku ya mawingu ni hivyo hasa.

Nguo

Nguo ni ngumu kuliko mandhari, kwa sababu inagusa mwili. Hapa programu hubadilisha vitu vitatu bila kuombwa. Hunyoosha mgongo na kupunguza unene, mpaka kikongwe anakaa kama msichana wa miaka 20. Hupoteza vidole vilivyolala juu ya nguo. Na nguo mpya ikiwa na shingo iliyofunguka kuliko ya zamani, hubuni ngozi ya kifua ambayo haikuwemo kwenye picha, kwa rangi yake yenyewe.

La tatu linazuilika kabla halijatokea: chagua gauni lenye shingo ileile. Fulana ya bibi ilikuwa na shingo ya mviringo iliyobana, nikaomba gauni la shingo ya mviringo iliyobana, mikono ikifika palepale ilipofika ya fulana. Mjukuu alitaka mikono mifupi zaidi. Nilimweleza kwamba mkono wa bibi kutoka kiwikoni kwenda juu hatuna picha yake, na kitakachotokea hapo kitakuwa mkono wa mtu mwingine. Alielewa.

Kitenge chenyewe nilitaka kiwe cha kweli. Mama mdogo wa mjukuu alileta doti ambayo bibi ameinunua mwenyewe. Niliitandika kwenye mkeka kivulini, nikaipiga picha kutoka juu, wima kabisa, bila kukunjamana. Programu nyingi sasa zinapokea picha mbili kwa wakati mmoja, moja ya mtu na moja ya kitambaa. Maelekezo yakawa:

```
Picha ya kwanza ni mwanamke, ya pili ni kitambaa.
Mvalishe gauni lililoshonwa kwa kitambaa hiki badala
ya fulana na kanga. Shingo ya mviringo iliyobana,
mikono inafika viwikoni, gauni linafunika magoti.
Maua ya kitambaa yawe na ukubwa halisi, yafuate
mikunjo ya nguo.
Upana wa mabega, unene wa mwili na mkao wa kuinama
kidogo visibadilike. Mikono ibaki juu ya mapaja,
vidole vyote vionekane. Uso, mandhari na mwanga
visibadilike.
```

Amri hii niliipa picha iliyokwisha kurudishiwa uso, niliyoihifadhi kama PNG. Ilichora upya kila kitu tena, mikorosho na uso pia, lakini sikuhitaji hayo. Niliileta kama leya ya tatu, nikaipanga kwa `Difference` kama mwanzo, nikaweka maski na kupaka gauni peke yake. Kwa hiyo picha ya mwisho ina vyanzo vitatu: uso, shingo na mikono ni ya simu ya mjukuu, shamba ni la amri ya kwanza, gauni ni la amri ya pili. Hakuna sehemu iliyopita kwenye mashine mara mbili ikabaki, isipokuwa kivuli cha gauni juu ya kiti, nilichokiacha kwa makusudi kwa sababu gauni bila kivuli linaelea.

Mabega yalihitaji kazi. Gauni lilikuwa limebana bega la kulia kwa ndani, na ukingo wa fulana ya zamani ulikuwa unachungulia. Nilirudia amri mara tano kabla ya kupata moja lililofunika fulana yote. Hili ndilo la kutazama kwanza unapochagua: nguo mpya lazima iwe pana sawa na ya zamani au zaidi, vinginevyo huna cha kuweka kwenye pengo.

Kama mteja anataka kanga, jambo ni jingine. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo tatizo. Hata ukiipa programu picha ya kanga yenyewe, maneno yake kwenye nguo iliyokunjwa hutoka yakiwa herufi zinazofanana na Kiswahili lakini hazisomeki, au, vibaya zaidi, zinasomeka kitu kingine. Kanga husomwa. Mtu akiingia sebuleni atasogea kuona bibi amevaa maneno gani. Mimi nina njia mbili tu: omba kanga ijifunge hivi kwamba jina linaangukia ndani ya mkunjo au mgongoni, au kama bibi alikuwa tayari amevaa kanga kwenye picha, iache ileile, uirudishe kwa maski kama ulivyorudisha uso. Kuandika jina mwenyewe juu ya mikunjo nimejaribu, na halijawahi kukaa kama limechapwa kwenye kitambaa.

Kabla ya kuchapa

Kuza picha hadi asilimia 100 na uiweke kando ya ile ya mwanzo. Hesabu vidole. Hesabu mistari ya nembo, paji, shavu la kulia, shavu la kushoto. Mimi huiandika idadi kwenye karatasi kabla sijaanza, maana baada ya saa mbili za kutazama uso mmoja jicho huanza kukubali chochote. Tazama makovu, jino lililotoka, jicho lenye mtoto wa jicho, hereni moja isiyolingana na nyingine. Mashine hurekebisha vyote hivyo kana kwamba ni makosa ya mpiga picha.

Kisha mwonyeshe mtu anayemfahamu, bila kumwambia umebadili nini.

Picha ya mtu inapopakiwa inakwenda kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo namwomba ridhaa mwenye sura, si mjukuu aliyeleta simu. Nilizungumza na bibi kwa simu, nikamwamkia, nikamweleza nguo na shamba; akakubali, akauliza tu kama kitenge ni kile chake cha bluu. Kazi ya namna hii siifanyi kwa picha ya pasipoti, kitambulisho au cheti chochote. Picha zinazotoka Gemini zina alama isiyoonekana kwa macho inayoitwa SynthID, na hata isingekuwepo, picha ya kitambulisho inathibitisha jinsi mtu alivyo.

Hifadhi faili lenye leya zote kwa `.psd`, pamoja na ile ya mwanzo isiyoguswa. Familia nimewapa zote mbili, ya ndoo na jembe pia.

Wiki mbili baadaye mama mdogo alirudi. Ameipenda, anataka nyingine: bibi yuleyule, gauni lilelile, ila ameketi ufukweni Mikindani jua likizama. Faili lipo, leya ya gauni ipo, ingeonekana ni kazi ya kubadili nyuma tu. Nilimwonyesha uso wa bibi ukiwa umekuzwa, nikamwonyesha kwamba mwanga wa upenu umetua sawa pande zote, hakuna hata punje ya rangi ya dhahabu shavuni. Jua la machweo lingemwangaza kutoka ubavuni, na nembo za upande huo zingejitokeza kwa vivuli vyake vidogo. Hayo siwezi kuyapaka bila kuugusa uso. Tumekubaliana bibi akija mjini kliniki wampitishe Mikindani saa kumi na moja jioni, aketi kwenye kiti, jua liwe kulia kwake, wampige picha kwa simu ileile. Nyuma yake ikiwa na mitumbwi au majalala, si neno.